Mtoi wa Dada Anahesabu kwa Kibengali, na Tatizo Sio Kibengali

Wasee, wiki hii nimetumiwa ile meseji ya WhatsApp mara sita. Mnaijua. Ati wazazi wa Meru na Embu wachunge simu zao, juu watoto wanaimba "nyimbo za Kihindi" ambazo hakuna anayejua maana yake, na huenda ni za kishetani. Mtu wa mwisho kunitumia ni dada yangu mwenyewe. Mtoi wake ako na miaka miwili na nusu na ameanza kupiga makofi jikoni akisema ekta, duto, tinte.

Dada hakujua kwamba huo wimbo ulipitia kwa laptop yangu.

Naeleza. Nilivyoacha chuo mwaka wa pili, kitu cha kwanza kilichonilisha ni kukata vidio za watu wa mbali. Ndiyo hivyo hadi leo, nikiwa kwa bedsita yangu hapa Embu. Mmoja wa wateja ni jamaa wa Dhaka, Bangladesh, anayetengeneza katuni za watoto wadogo. Anaandika wimbo, mkewe anaimba, mimi nachukua sauti na katuni na kuhakikisha kila kofi la mhusika linaangukia pale sauti inapogonga. Nikichelewesha kofi hata kidogo sana, ananirudishia kazi. Desemba nilienda Meru kwa dada, nikiwa na kazi haijaisha. Mtoi alikaa kwa mapaja yangu siku tatu akiangalia kipande kimoja kikirudia na kurudia. Nikaondoka, wimbo ukabaki.

Kwa hivyo si pepo, ni mimi. Na si Kihindi, ni Kibengali, lugha ya watu zaidi ya milioni 200 huko Bangladesh na upande wa Kolkata nchini India. Kama unataka kujua venye hao watu wanachukulia lugha yao, Februari 21, 1952 wanafunzi walipigwa risasi na polisi mjini Dhaka wakidai Kibengali kitambuliwe kama lugha ya taifa. Ile siku ya lugha mama duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka wa 1999 iliwekwa tarehe hiyo kwa sababu yao. Nyinyi mnaita wimbo wao wa kishetani, na kwenu hamna hata mmoja wa kumwimbia mtoto.

Hiyo ndiyo ngumi yangu ya leo, na naomba mnisikize hadi mwisho kabla ya kunitukana. Mtoi hakuchukua Kibengali kwa sababu simu imemroga. Alikichukua kwa sababu wimbo umeundwa vizuri, na zile tunazomtengenezea sisi zimeundwa vibaya. Nasema "sisi" juu na mimi nimetengeneza moja mbaya sana. Nitafika hapo.

Kwanza angalia kitu chenyewe. Hii ndiyo mistari minne ya mwanzo, nimeiandika venye inasikika:

Ekta biral, duto hash,
tinte goru khachche ghash.
Charte ghora, panchta byang,
shobai nache tule thyang.

Maana yake: paka mmoja, bata wawili, ng'ombe watatu wanakula nyasi, farasi wanne, vyura watano, wote wanacheza densi wakiinua miguu. Hakuna falsafa hapo. Sasa soma mstari wa kwanza kwa sauti na upige kofi mara nne: EK-ta, BI-ral, DU-to, HASH. Kofi la kwanza limeanguka kwa "moja", la pili kwa paka, la tatu kwa "mbili", la nne kwa bata. Silabi ni saba. Nafasi ya nane ni kimya, na hapo ndipo mtoto anavuta pumzi na kuinua mikono tena. Mstari wa pili, TIN-te, GO-ru, KHACH-che, GHASH. Silabi saba, kofi nne, kimya. Mistari yote minne iko hivyo.

Nilimuuliza jamaa kama alihesabu silabi akiandika. Akacheka. Akasema, "Bhai, hiyo sikuhesabu, hiyo iko kwa masikio." Bhai kwao ni ndugu. Akanieleza kwamba mashairi ya watoto kwao yanaitwa chhora, na yana mwendo wake wa silabi nne nne, mkazo ukiwa kwa ya kwanza, na kipande cha mwisho cha mstari mara nyingi kinakatwa kifupi. Mtoto anausikia kabla hajajua kusema maji. Rabindranath Tagore, yule wa Tuzo ya Nobel ya 1913, alikuwa anakusanya mashairi hayo ya kubembelezea watoto miaka ya 1890, mtu mzima na ndevu zake. Si kwamba hakuwa na kazi. Aliona ni mali.

Halafu kuna nambari zenyewe. Kibengali kinahesabu hivi: ek, dui, tin, char, panch, chhoi, shat, aat, noi, dosh. Maneno mafupi kabisa, karibu kila moja ni mdundo mmoja tu. Ukihesabu kitu unaongeza kijimkia, ek inakuwa ekta, dui inakuwa duto, tin inakuwa tinte. Mkia unakaa nyuma na nambari inabaki mbele, mahali kofi linaangukia. Na hiyo nambari inakuja kabla ya mnyama. Mtoto anasikia "moja" kwanza, halafu paka. Lugha imempa mtunzi kila kitu mkononi.

Sasa njoo kwetu.

Mwaka jana niliamua nitengeneze "Hesabu kwa Kimeru". Nilikuwa nimeona zile zingine mtandaoni, na nyote mnazijua: katuni ya kununua, tuni ya wimbo wa Kiingereza wa nasari, na maneno ya Kimeru yamesukumwa ndani kama watu kwa matatu ya Nkubu siku ya soko. Nami nikafanya hivyo hivyo. Nikachukua tuni ya Kiingereza ambapo kila nambari ina mdundo mmoja, nikaweka imwe, ijiri, ithatu, inya, ithano, ithanthatu, mugwanja, inana, kenda, ikumi. Dada akaniimbia, juu Kimeru chake ni cha Imenti safi kuliko changu. Vidio ikapata watazamaji, watu wakaandika "tunapenda utamaduni wetu", nikajiona mwamba.

Mtoi aliiangalia mara mbili akaenda kucheza na sufuria.

Niliumia, si siri. Nikafikiri ni katuni, nikafikiri ni rangi. Siku moja nikamweka chini na mbuzi watatu wa plastiki nikamwambia tuhesabu kama kwa wimbo. Akagusa mbuzi wa kwanza: "i". Akagusa wa pili: "tha". Wa tatu: "tu". Mbuzi wakaisha. Kwake ithatu ilikuwa vitu vitatu, silabi moja moja. Hiyo inaweza kufurahisha juu hesabu imetoka sawa kwa bahati, lakini jaribu ithanthatu. Hiyo ni sita. Ina silabi nne. Mtoto akipiga kofi kwa kila silabi amepiga makofi manne kwa mbuzi mmoja, na wimbo wangu ulikuwa unamfundisha kufanya hivyo, kwa sababu tuni ilikuwa na nafasi moja na mimi nilijaza silabi nne ndani kwa kasi ya mchuuzi wa stendi.

Hapa ndipo wengi wenu hamnielewi nikisema wimbo mbaya una madhara. Wimbo wa kuhesabu si wa kufundisha orodha ya maneno. Kazi yake ni kumwonyesha mtoto kwamba neno moja linaenda na kitu kimoja, halafu neno linalofuata na kitu kinachofuata, bila kuruka wala kurudia. Kofi ndilo linaloshika hiyo. Kofi moja, mbuzi mmoja. Ukivunja hapo, umebaki na kelele yenye rangi.

Kuna jaribio rahisi sana la hii kitu, na unaweza kulifanya leo na mtoto yeyote wa nyumbani. Weka maharagwe kumi mbele yake. Usimwambie ahesabu. Mwambie, "Nipe matatu." Mwanasaikolojia Karen Wynn aliandika kuhusu jaribio la aina hii mwaka wa 1990, na kinachotokea kinashangaza mzazi yeyote: mtoto anayeimba moja hadi kumi bila kosa anachota mkono mzima wa maharagwe na kukupatia. Anajua wimbo, hajui tatu. Kwanza anaelewa moja. Miezi inapita, anaelewa mbili. Inapita tena, tatu. Halafu siku moja, mara nyingi akiwa na miaka mitatu na nusu au minne hivi, inafunguka kichwani kwamba neno la mwisho ulilohesabu ndilo idadi ya vitu vyote.

Nilifanya jaribio hilo kwa mtoi wa dada. Kwa Kibengali anaimba hadi panchta bila wasiwasi. Nikamwambia nipe moja, akanipa moja. Nipe mbili, akanipa nne na kutabasamu. Kwa hivyo wale mnaosema "lakini simu inamfundisha", tulieni. Simu imempa mdundo na sauti. Kuhesabu bado. Watoto wadogo hivyo wanajifunza kidogo kwa skrini kuliko kwa mtu aliye mbele yao, na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2019 lilisema mtoto wa mwaka mmoja asiwekewe skrini kabisa, na wa miwili isizidi saa moja kwa siku. Mimi nakula kwa hizo skrini na bado nakwambia.

Sasa kuna mtu tayari ameandika kwa komenti: basi tafsiri huo wa Kibengali, ushasema umeundwa vizuri. Nilijaribu. Huo ndio upuzi wangu wa pili.

Nilianza na Kiswahili. Ukihesabu tu bila kitu, Kiswahili ni kitamu ajabu, na sijui kama mmewahi kugundua: mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne, ta-no, si-ta, sa-ba, na-ne, ti-sa, ku-mi. Maneno kumi, kila moja silabi mbili, mkazo kwa ya kwanza. Kiingereza chenyewe hakina hiyo, seven inaharibu foleni. Kwa hivyo nikajua nimeshinda. Nikaweka "moja paka, mbili bata, tatu ng'ombe".

Mnaona shida? Hakuna binadamu anayesema "mbili bata". Tunasema bata wawili. Mnyama anakuja kwanza, nambari nyuma, na nambari imevaa koti: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Mtoto amefundishwa mbili, halafu anaulizwa wako wapi wawili, na kwake hayo ni maneno mawili tofauti. Halafu sita na saba hazivai kitu, juu zilitoka kwa Kiarabu, nane inavaa inakuwa wanane, tisa na kumi zinakaa uchi. Kwa mtu mzima ni sarufi tu ya kawaida. Kwa mtoto wa miaka miwili ni kama kila mtu nyumbani anabadilisha jina kila akiingia chumba kingine.

Ukitaka Kiswahili kikae vizuri, achana na wanyama, hesabu ndizi. Ndizi moja, ndizi mbili, ndizi tatu, ndizi nne, ndizi tano. Nambari haibadiliki hata kidogo, na ndizi ziko kila boma kuanzia Embu hadi Nkubu. Lakini mtoto anataka wanyama. Hakuna mtoto amewahi kulia akitaka ndizi acheze densi.

Halafu nikarudi kwa Kimeru, na hapa ndipo nilishika kichwa. Nilikuwa kwa matatu nikirudi Embu, tumesimama Chuka, na mama mmoja anamwambia konda kuhusu mbuzi wake wawili aliouza. Mburi ijiri. Nikajirudia kimoyomoyo. Mburi imwe. Mburi ijiri. Mburi ithatu. Mburi inya. Mburi ithano.

Nambari haijabadilika!

Ile ile unayohesabia hewani ndiyo unayohesabia mbuzi. Ng'ombe, vile vile: ng'ombe ithatu. Kuku, vile vile: nguku inya. Kimeru hakiwatoi wanyama hawa kwa kundi lao na kuwapeleka kwa kundi la watu kama Kiswahili kinavyofanya. Na Kiembu ni hivyo hivyo, mbili ni igiri badala ya ijiri, na mbuzi wawili ni mburi igiri. Ukihamia kwa watu au miti, nambari itabadilika, sikudanganyi. Lakini kwa mbuzi, ng'ombe na kuku, yaani wale wanyama mtoto wa huku anawaona akifungua mlango, maneno ya kuhesabu yamekaa tayari. Kwa wanyama, Kimeru ni rahisi kwa mtoto kuliko Kiswahili. Tumekalia hiyo kitu miaka yote tukitafsiri nyimbo za shamba la mzungu.

Kinachobaki ni urefu. Imwe ni silabi mbili, ijiri tatu, ithanthatu nne, mugwanja tatu, kenda mbili. Huwezi kuwabana wote kwa mdundo mmoja wa Kiingereza, na huwezi kuwaweka kwa ile saba-kimya ya Kibengali. Na huhitaji. Tatizo lilikuwa mimi kufikiri kofi lazima liende na silabi. Kofi liende na mnyama. Unasema "mburi" mikono ikiwa juu, unaivuta kidogo, halafu unasema nambari yote kwa mwendo wake wa kawaida, na kofi linapigwa mara moja tu, pale nambari inapoisha. Mbuuuri, ijiri, pa. Mbuuuri, ithatu, pa. Ikifika ithanthatu, mikono inangoja juu muda mrefu kidogo, na watoto wanapenda huo mngojeo vibaya sana, wanaanza kucheka kabla kofi halijafika. Urefu uliokuwa unaharibu wimbo sasa ndio utamu wake.

Hapo pia wale wanaopigana kila siku kuhusu Kimeru cha nani ndicho Kimeru wanaweza kupumzika. Ukiwa Tigania au Igembe, Chuka au Tharaka, Embu au Mbeere, weka nambari zako venye nyanya yako anazisema. Kofi haliulizi silabi ni ngapi.

Tulijaribu Pasaka kwa cucu, Runyenjes. Dada alikuja na mtoi. Nilitoa simu nirekodi na kumwambia mtoi atoke nje anyooshee mbuzi kidole mmoja mmoja. Cucu akanizima hapo hapo. "Wee, mbuzi za watu hazihesabiwi kwa kidole. Unataka zipungue?" Nikataka kubishana kama kawaida yangu, halafu nikaona mzee wa watu ako sawa kwa njia yake, na pia mbuzi hawasimami. Mbuzi mmoja anahesabiwa mara tatu juu amezunguka nyuma ya choo. Cucu akaleta maharagwe kwa kisahani. Mtoi akiambiwa mbuuuri imwe, pa, anahamisha haragwe moja kutoka kisahani hadi kwa mkeka. Mbuuuri ijiri, pa, haragwe la pili. Haragwe likishahama haliwezi kuhesabiwa tena, kosa likitokea unaliona kwa macho. Alikuwa anapiga kofi mara mbili kwa moja mwanzoni. Cucu akawa anamshika mikono juu hadi neno liishe. Dakika kumi hivi, akashika. Si nambari, mdundo. Neno moja, kofi moja, haragwe moja.

Sikurekodi chochote, kama mnauliza. Cucu alisema niweke simu chini nisaidie kuchambua hayo maharagwe mengine.

Sasa kuna hoja ambayo siwezi kuiruka, juu inatoka kwa wazazi wanaojaribu na si watu wa meseji za mapepo. Wanasema mtoto ataenda PP1 na huko mwalimu anataka one, two, three, kwa hivyo Kimeru ni kumchelewesha. Sera ya nchi hii tangu ripoti ya Gachathi ya 1976 imekuwa kwamba mtoto mdogo aanze na lugha ya eneo lake, na KIE ilitoa vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu kwa ajili hiyo. Venye shule inafuata au haifuati ni hadithi nyingine. Lakini hata tuweke sera kando. Kujua kwamba tatu ni vitu vitatu hakuna lugha. Mtoto akishakijua kwa mburi ithatu, three ni jina jipya tu la kitu ambacho ako nacho tayari. Akiwa na three bila kitu, ako na sauti. Nenda ufanye jaribio la maharagwe na mtoto wa jirani anayesifiwa kwa Kiingereza, halafu urudi tuongee.

Na kwa wenzangu mnaotengeneza hizi vidio, najua mnasema mna bili. Nami niko nazo. Tuni ya Kiingereza ni rahisi, kila mtu anaijua, mzazi anabonyeza haraka. Lakini msiite hiyo kuhifadhi lugha. Mnachukua maneno ya Kimeru na kuyavunja mgongo yatoshee kwa sanduku la mtu mwingine, halafu mtoto akikimbilia Kibengali mnalia utamaduni unaisha. Jamaa wa Dhaka hakutafsiri kitu. Alianza na masikio ya mkewe na nambari za lugha yake. Kabla hujafungua programu ya kukata vidio, kaa na mtu anayeongea lugha yako vizuri, mwambie ahesabu mbuzi kwa mwendo wake, na usikize anapumua wapi.

Ile vidio yangu ya kwanza ya "Hesabu kwa Kimeru" nimeitoa jana usiku. Ilikuwa ndiyo yenye watazamaji wengi kwa ukurasa wangu, na ndiyo, imeniuma. Mpya nitaiweka dada akipata wikendi ya kuimba, na itakuwa na mbuzi sita tu, si kumi, juu sita inatosha kwa umri huo na ithanthatu ndiyo wanacheka zaidi.

Mtoi naye dada aliniambia jana kwa simu bado anaimba duto hash akiogeshwa, na hakuna anayemzuia. Lakini alimwambia alete vijiko viwili mezani, akaleta viwili. Akamwambia vitatu, akaleta vyote.